Idhini ya malipo hufutwa pale ilipowekwa

Wapo wananchi wengi wa visiwa hivi ambao hivi sasa hulipia huduma za nchi za nje kwa njia ya pochi za mtandaoni. Mwenye nyumba ya wageni hulipia tovuti yake na daftari la kupokelea maombi ya wageni. Mwanafunzi hulipia masomo. Ofisi nayo hulipia ghala la kuhifadhi nyaraka zake. Malipo hayo aghalabu si ya mara moja. Hutoka kila mwezi au kila mwaka, yenyewe, bila ya mwenye fedha kuulizwa upya. Kuyaanzisha ni kazi ya dakika mbili. Kuyasimamisha ndiko kunakowashinda wengi, na sababu yake kubwa ni kwamba hubisha hodi katika mlango usiokuwa wao.

Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu, na tutachukua pochi ya PayPal kuwa kielelezo, kwa kuwa inajulikana sana na taratibu zake zimeandikwa wazi.

WATU WATATU KATIKA SHAURI MOJA

Ni lazima kwanza msomaji afahamu kwamba katika malipo ya namna hii hamna watu wawili, bali watatu. Yupo mlipaji, yupo muuzaji wa huduma, na kati yao yupo mtunza pochi. Kadi ya benki imewekwa katika pochi. Muuzaji haioni wala hana namba yake. Alichonacho muuzaji ni idhini tu, yaani ruhusa aliyopewa na mlipaji ya kuomba fedha kwa mtunza pochi kila muda uliokubaliwa unapofika. Ruhusa hiyo haikuandikwa katika daftari la muuzaji peke yake. Imeandikwa pia katika daftari la mtunza pochi, na hilo ndilo linalotazamwa kila fedha zinapotaka kutoka.

Kwa hiyo pana makubaliano mawili, wala si moja. La kwanza ni mkataba wa huduma kati ya mlipaji na muuzaji. La pili ni wakala aliopewa mtunza pochi wa kutoa fedha kila muuzaji anapozidai. Mtu anapomwandikia muuzaji kwamba haitaki tena huduma, amegusa lile la kwanza. Muuzaji mwaminifu na mwenye mitambo iliyo sawa huliondoa na la pili papo hapo. Lakini muuzaji mzembe, au aliyeuza kampuni yake kwa mwingine, au asiyejibu barua, huliacha wakala vilevile, na fedha zikaendelea kutoka. Mlipaji hana haja ya kumsubiri mtu huyo. Wakala aliutoa yeye mwenyewe, na anaweza kuutengua yeye mwenyewe, bila ya ridhaa ya muuzaji.

Katika PayPal ruhusa hizi ni za aina mbili, na kila moja huwa na namba yake. Ile inayoanza kwa `I-` ni ya malipo yenye ratiba: kiasi na tarehe vimepangwa, na PayPal yenyewe ndiyo inayoshika kalenda na kutoa fedha siku inapofika. Ile inayoanza kwa `B-` haina kalenda. Muuzaji ndiye anayeamua lini aombe na aombe kiasi gani, kwa mujibu wa mkataba wake na mteja, na PayPal huangalia tu kama ruhusa bado ipo. Hii ya pili inahitaji kuangaliwa zaidi, kwa sababu inaweza kulala kimya miezi mingi bila ya kutoa hata senti, mwenyewe akaisahau, kisha siku moja ikaamka.

NAMNA YA KUITENGUA

Kazi yenyewe ni nyepesi kwa anayejua pa kwenda. Ni vyema kuifanya katika kompyuta, au katika ukurasa wa kawaida wa mtandao, kuliko katika programu ya simu, maana huko orodha inayotafutwa mara nyingine imefichika zaidi. Mtu aandike mwenyewe anuani ya PayPal, aingie katika akaunti yake, kisha abonyeze alama ya gurudumu lenye meno iliyo juu ya ukurasa. Hapo ndipo penye mipangilio. Achague `Payments`, halafu `Automatic payments`. Anayetaka njia ya mkato anaweza, akiisha kuingia katika akaunti, kuandika anuani hii:

```
https://www.paypal.com/myaccount/autopay/
```

Ataona orodha ya wauzaji wote aliopata kuwapa ruhusa. Wengine watakuwa hai, wengine wamekwisha kufa. Achague jina la muuzaji anayemtaka, asome namba ya ruhusa, tarehe na kiasi cha malipo ya mwisho, na chombo kinachotolewa fedha, yaani kadi au benki gani. Akiridhika kwamba ndiye, abonyeze `Cancel` na kuthibitisha. Maandishi ya kitufe hicho hubadilika mara kwa mara kadiri kampuni inavyopamba kurasa zake, lakini maana yake ni ileile: kumwondolea muuzaji ruhusa.

Alama ya kwamba kazi imekamilika ni mbili. Ya kwanza, hali ya ruhusa katika orodha hugeuka kutoka `Active` kuwa `Inactive`. Ya pili, PayPal humletea mlipaji barua pepe ya kuthibitisha. Tunashauri mtu asifunge ukurasa kabla ya kuiona alama ya kwanza, na aichapishe au aipige picha pamoja na tarehe yake. Muuzaji naye hupelekewa taarifa na mtunza pochi kwamba ruhusa imekufa. Ruhusa iliyofutwa haifufuliwi. Mtu akibadili nia itambidi atoe mpya.

Kuhusu wakati, kanuni ya PayPal ni kwamba ruhusa ifutwe angalau siku moja kabla ya siku ya malipo yanayofuata. Atakayechelewa mpaka siku yenyewe, malipo hayo huenda yakatoka, na kufuta kwake kutayazuia yale ya baadaye tu. Hapa watu wa visiwani tunalo jambo moja zaidi la kuzingatia. Makao ya kampuni hiyo yako San José, jimbo la Kalifonia, na inapokuwa saa 2 asubuhi Unguja, huko ni saa 3 au saa 4 usiku kwa kufuata majira, na kalenda yao bado inasoma tarehe ya jana. Mtu asifanye hesabu za mkesha kwa saa ya ukutani kwake. Afute siku nne au tano kabla, na hapo hapana la kugombania.

MFANO WA JAMBIANI

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe ili tulione jambo hili likienda hatua kwa hatua. Mwenye nyumba ya wageni katika Jambiani hulipa dola 12 kila tarehe 14 ya mwezi kwa kampuni ya ng'ambo inayomtunzia tovuti. Tarehe 20 Oktoba anapata huduma iliyo bora mahali pengine, akaiandikia kampuni ya zamani kuiaga. Anajibiwa kwa adabu kwamba akaunti yake imefungwa. Tarehe 14 Novemba dola 12 zinatoka kama kawaida.

Anakwenda benki. Benki inamfungia kadi na kumpa nyingine. Anarudi nyumbani akiwa ameridhika, lakini tarehe 14 Desemba dola 12 zinatoka tena, safari hii katika kadi ya pili aliyoiweka pochini mwaka uliopita na kuisahau. Haikuwa ajabu. Benki ilifunga kadi, haikufuta ruhusa. Mtunza pochi alipoikuta kadi ya kwanza haifanyi kazi, alitafuta chombo kingine ndani ya pochi hiyohiyo, kama alivyoruhusiwa. Hata kama pochi ingekuwa na kadi moja tu na haina kitu, ruhusa ingebaki hai, na madai yangeweza kurejewa baada ya siku kadhaa. Kuficha fedha si kutengua wakala.

Tarehe 14 Januari zinatoka mara ya tatu. Jumla sasa ni dola 36. Tarehe 16 Januari ndipo anapofungua orodha tuliyoieleza, na anakuta si ruhusa moja ya kampuni ile, bali mbili. Moja inaanza kwa `I-`, ndiyo ya dola 12 za kila mwezi. Ya pili inaanza kwa `B-`, na malipo yake ya mwisho yalikuwa dola 18, tarehe 3 Machi ya mwaka uliopita. Hiyo ni ada ya mwaka ya jina la tovuti, lile ambalo wageni huliandika wanapomtafuta.

Hapa pana funzo. Ruhusa ya kwanza anaifuta papo hapo, kwa kuwa huduma hiyo haitumii tena. Ya pili haifuti siku hiyo. Angeifuta naye bado hajalihamisha jina lake, tarehe 3 Machi ingefika bila ya ada kulipwa, jina lingeingia katika hatari ya kupotea, na mtu mwingine angeweza kulichukua pamoja na wageni wake. Kwa hiyo analihamisha kwanza jina kwa mtunzaji mpya, anathibitisha kwamba limekwisha kuhama, na tarehe 20 Februari ndipo anapoifuta ruhusa ya pili. Kila ruhusa ina kitu kinachoning'inia chini yake. Mwenye busara hutazama ni kitu gani kabla ya kukata kamba.

Zimebaki dola 36. Kufuta ruhusa hakurejeshi fedha zilizokwisha kutoka. Hilo ni shauri la peke yake. Katika PayPal shauri hilo hufunguliwa mahali panapoitwa `Resolution Center`, na muda wake ni siku 180 tangu siku ya malipo. Malipo ya tarehe 14 Novemba yana siku 63 tu mnamo tarehe 16 Januari, basi bado yumo ndani ya muda. Ushahidi wake ni barua yake ya tarehe 20 Oktoba, jibu la kampuni kwamba akaunti imefungwa, na orodha ya malipo matatu yaliyofuata. Hatuwezi kumwahidi kwamba atashinda, maana PayPal humsikiliza na muuzaji kabla ya kuamua. Lakini aliyeiweka barua yake ana la kusema, na asiyeiweka hana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

PALE RUHUSA ISIPOONEKANA

Hutokea mtu akafungua orodha na asimwone muuzaji anayemkata fedha. Asikate tamaa, wala asidhani mtambo umeharibika. Yako mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni akaunti. Watu wengi wana barua pepe mbili au tatu, na kila moja huenda ina pochi yake. Ruhusa iliyotolewa kwa barua pepe ya kazini haitaonekana katika pochi ya barua pepe ya nyumbani. Atafute katika masanduku yake yote risiti ya kwanza ya malipo hayo. Ile iliyopokea risiti ndiyo yenye ruhusa.

La pili ni njia ya malipo. Ikiwa siku ya kwanza mtu aliandika namba ya kadi yake moja kwa moja kwa muuzaji, basi PayPal haikuhusika kabisa, na mlango wake ni kwa muuzaji na kwa benki. Taarifa ya benki husaidia kutofautisha, maana malipo yaliyopitia pochi hiyo kwa kawaida huandikwa yakianza na `PAYPAL *` na kufuatiwa na jina la muuzaji. Yasiyokuwa na alama hiyo yatafutwe kwingine.

La tatu ni mtu wa kati mwingine. Huduma nyingi za simu hulipiwa kupitia duka la programu la Apple au la Google, na duka hilo ndilo linalolipwa na pochi. Katika orodha mtu ataona jina la duka, wala hataona jina la huduma. Akifuta ruhusa ya duka zima, atakata na huduma nyingine zote alizozinunua humo. Hapo inafaa aingie dukani kwanza na kuisimamisha huduma moja aliyoikusudia.

Tungependa pia kuwatahadharisha wasomaji na barua za uwongo. Wapo matapeli wanaotuma barua pepe yenye sura ya PayPal, wakisema malipo makubwa yatatoka kesho na kwamba anayetaka kuyafuta apige simu fulani au abonyeze mahali fulani. Ruhusa haifutwi kwa simu ya namna hiyo. Mtu aiache barua, aandike anuani ya pochi kwa mkono wake, na aitazame orodha. Ikiwa ruhusa haimo humo na malipo hayamo katika akaunti, ile barua ni mtego.

DENI HALIFUTWI NA KITUFE

Si haki kumwachia msomaji adhani kwamba kutengua ruhusa kunamtoa katika kila wajibu. Aliyetia sahihi mkataba wa mwaka mzima, kisha akakata malipo mwezi wa nne, amezuia fedha kutoka, lakini hajaufuta mkataba. Muuzaji anaweza kufunga huduma na kuzuia kumbukumbu zilizomo, na anaweza kudai kilichobaki kwa njia nyingine. Kwa hiyo utaratibu ulio salama ni huu: mtu achukue kwanza nakala ya vitu vyake vilivyoko kwa muuzaji, amwandikie muuzaji kwamba anavunja mkataba, na kuihifadhi barua, kisha aende katika pochi na kuifuta ruhusa bila ya kungoja jibu. Ikiwa siku ya malipo imekaribia sana, aanze na pochi na barua ifuate.

Msingi huu wa kwamba mwenye fedha anaweza kumzuia mtunzaji wa fedha zake si jambo la kampuni moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 juu ya uhamishaji wa fedha kwa mitambo ilimpa raia haki ya kuiamuru benki yake isimamishe malipo ya kujirudia, mradi aseme angalau siku 3 za kazi kabla. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 juu ya huduma za malipo linamruhusu mlipaji kuondoa malipo ya namna hii hadi mwisho wa siku ya kazi inayotangulia siku ya kukatwa. Sheria hizo zimetungiwa watu wa huko, na mkaazi wa Makunduchi au Wete hawezi kuzishika mkononi akadai kwazo. Lakini zinaonyesha kwamba amri ya mlipaji kwa mtunza fedha zake ni amri inayojitegemea, wala haipitii kwa muuzaji.

NENO KWA OFISI

Neno letu la mwisho ni kwa viongozi wa idara, bodi na vyama vya ushirika. Mahali pengi pochi ya ofisi imefunguliwa kwa barua pepe ya ofisa mmoja, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ujuzi siku hiyo. Ofisa huyo akihamishwa, akistaafu au akifariki, ruhusa zote alizozitoa hubaki hai, kadi ya ofisi huendelea kukatwa, na hapana aliyebaki mwenye neno la siri la kuingia kuzitengua. Ofisi itamwandikia muuzaji, na muuzaji atajibu kwamba hamtambui mwandishi. Ofisi itafunga kadi, nayo huduma iliyokuwa inahitajika kwelikweli itakatika pamoja na ile isiyohitajika.

Dawa yake ni utaratibu mdogo wa hesabu. Pochi ya ofisi ifunguliwe kwa barua pepe ya cheo, si ya mtu. Kila baada ya miezi mitatu mhasibu achapishe orodha ya ruhusa zilizo hai, na kando ya kila moja aandike huduma inayolipiwa, kiasi, tarehe ya malipo yajayo na jina la anayeitumia. Ruhusa isiyokuwa na mtumiaji ifutwe siku hiyohiyo. Na ofisa anapokabidhi kazi, orodha hiyo iwe miongoni mwa vitu vinavyotiwa sahihi, sawa na funguo za kabati na daftari la mali. Mrithi wake aifungue pochi mbele ya anayeondoka, aione orodha kwa macho yake, na abadili neno la siri kabla ya sahihi kukauka.